Nje imeungua ndani mbichi: kutafuta kosa kwenye nyama choma ya mbuzi na ng'ombe

Mwaka juzi mwezi wa kumi tulipokea wageni wa mahari nyumbani Ipuli, hapa Tabora, nikapewa mapaja mawili ya mbuzi nichome, kila moja kama kilo 2 hivi na mfupa wake. Jiko lilikuwa lile la pipa lililopasuliwa nusu, nikajaza mkaa toka mwanzo mpaka mwisho, nikapepea mpaka makaa yakawa mekundu yote, nikaweka nyama juu. Dakika 25 tu nyama nyeusi, inang'aa mafuta, harufu imefika barabarani, nikaona tayari. Mjomba akakata kipande cha kwanza karibu na nyonga, akanyamaza, akanirudishia sinia taratibu, "Mwanangu, hii ndani bado mbichi, irudishe kabla wageni hawajaiona." Nikairudisha, na nilivyoirudisha kwenye moto uleule ikaungua zaidi nje na ndani ikabaki vilevile, mwisho tukaikatakata tukaichemsha.

Toka siku hiyo kila nyama ikinigomea naanza na kilichoharibika halafu narudi nyuma kutafuta chanzo, na mara nyingi chanzo siyo viungo wala mbuzi, ni moto ulivyopangwa. Kwa hiyo naanza na hilo hapohapo.

Nje nyeusi, ndani mbichi

Joto linaingia kwenye nyama polepole sana kuliko tunavyodhani. Paja la mbuzi lina unene wa sentimita 7 mpaka 8 sehemu ya juu, sasa ukiliweka juu ya makaa mekundu ngozi ya nje inapita nyuzi 200 ndani ya dakika chache wakati katikati ni kama ulivyolitoa kwenye ndoo. Kuongeza moto hakuharakishi katikati, kunaunguza nje tu. Ndio maana kupepea sana ukiwa na haraka ndiyo kunakuchelewesha.

Dawa yake ni kuwa na sehemu mbili za joto kwenye jiko moja. Makaa yote unayavuta upande mmoja, upande mwingine unabaki mtupu kabisa, hamna hata kaa moja. Nyama nene inaanzia upande mtupu, inaiva kwa joto linalozunguka, halafu mwisho kabisa ndo unaihamishia juu ya makaa dakika chache ipate rangi na ule ukavu wa nje. Wengi wanaanza kwa kuunguza halafu wanahamisha, nayo inakwenda, ila kwa paja zima mimi naona kumalizia na moto mkali ni rahisi kuidhibiti, maana unakuwa unajua tayari ndani imeiva.

Mkaa usiweke nyama kabla haujashika vizuri. Subiri mpaka makaa yavae majivu meupe, hiyo ni kama dakika 25 mpaka 30 toka uwashe, mkaa mzito wa miti ya porini huku kwetu unachukua muda kushika ila ukishika unakaa. Ukiona moshi mzito wa njano au unaouma macho jua kuna vijinga, vipande ambavyo havikuiva kuwa mkaa, vitoe na koleo uviweke pembeni mpaka viishe moshi, la sivyo nyama itakuwa na uchungu na utalaumu kitunguu swaumu bure.

Kupima joto la jiko bila kifaa chochote, weka kiganja usawa wa kama sentimita 12 juu ya wavu uhesabu taratibu. Ukishindwa kuvumilia kabla ya kufika 3, huo ni moto mkali, ni wa kumalizia au wa mishkaki midogo. Ukifika 5 au 6 ni wa kati, mzuri kwa steki. Ukifika 8 mpaka 10 ni wa polepole, huo ndio wa paja na mbavu. Upande mtupu ukiufunika unatakiwa uwe huku kwenye 8. Na mkono ukichoma utoe, usishindane nao.

Kufunika ni muhimu, bila kifuniko upande mtupu unapoteza joto lote hewani hasa upepo wa jioni ukianza. Natumia karai kubwa la alumini nalifunika juu ya nyama, nikiacha nafasi kidogo chini hewa ipite. Bati la kuezekea situmii kwa sababu limepakwa zinki na sitaki likipata moto mkali litoe moshi wake juu ya chakula. Na jiko liwe nje, usiliingize ndani au kwenye banda lililofungwa hata kama mvua imekukuta, ile hewa ya mkaa haina harufu na inaua.

Mafuta yakidondoka moto ukaruka juu, usimwagie maji. Maji yanarusha majivu yote yanaganda kwenye nyama, na makaa yanapoa upande mmoja. Hamisha nyama kwenda upande mtupu, funika, hesabu mpaka 30, moto utatulia wenyewe. Kama inarudia kila mara basi kuna mafuta mengi yananing'inia, yapunguze kwa kisu kabla ya kuweka.

Lile paja nilivyolirudia

Wiki mbili baadaye nikanunua paja lingine, kilo 1.8, nikatafuta na themomita ya nyama, ile yenye sindano. Kitu kimoja cha kujua kwa sisi wa huku, ukiipima kwenye maji yanayochemka itasoma kama 96, siyo 100, usidhani ni mbovu, Tabora tuko juu kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari na maji yanachemka mapema kidogo. Ukitaka uhakika zaidi itumbukize kwenye maji yenye barafu nyingi, isome 0.

Usiku nililipaka chumvi peke yake, kijiko kimoja na nusu cha chakula kilichosawazishwa kwa paja lile lote, nikaliweka kwenye friji likiwa kwenye beseni lililofunikwa, rafu ya chini kabisa ili maji yake yasidondokee chakula kingine. Asubuhi nikaongeza kitunguu swaumu na tangawizi vilivyotwangwa na mafuta kidogo. Hamna kingine.

Saa 9 na nusu mchana nikawasha mkaa, saa 10 makaa yamevaa majivu, nikayavuta upande wa kushoto. Nyama ikakaa kulia, upande mnene ukiwa umeelekea moto. Baada ya nusu saa nikachoma sindano katikati ya sehemu nene bila kugusa mfupa (ukigusa mfupa inakudanganya) ikasoma 31. Nikageuza, nikaongeza makaa machache niliyokuwa nimeyawasha pembeni kwenye jiko dogo la kupikia, maana mkaa mbichi ukiutupia chini ya nyama unaleta moshi na unashusha joto. Saa 11 ilikuwa 54. Saa 11 na dakika 20, 65. Saa 11 na dakika 35 ikafika 72, nikaihamisha juu ya makaa, dakika 2 kila upande nikigeuza geuza, nikaitoa. Kwenye sinia ikapanda yenyewe mpaka 77 bila moto wowote, kwa sababu joto la nje linaendelea kuingia ndani. Nikaiacha dakika 15 ndo nikakata.

Kwa hiyo ni saa moja na dakika 40 badala ya zile 25 nilizojidanganya nazo. Ilikuwa inatoa maji meupe ukiibonyeza, na mfupa wa goti unageuka ukiushika.

"Nimeipima, imefika 63, mbona ngumu?"

Hapa watu wanachanganya vitu viwili, usalama na ulaini. Kwa usalama, kipande kizima cha mbuzi au ng'ombe kikifika nyuzi 63 katikati halafu kikapumzika dakika 3 au zaidi kinatosha, vijidudu vya kawaida na hata vile vijifuko vya tegu kwenye nyama ya ng'ombe vinakuwa vimekufa. Lakini mbuzi kwenye 63 anatafunika kwa tabu, kwa sababu misuli ya miguu, kidari na bega imejaa tishu ngumu zinazoshikilia nyuzi pamoja, na hizo hazilainiki mpaka upite 70 na ukae hapo kwa muda. Paja la mbuzi mdogo naliacha lifike 75 mpaka 78. Mbavu, bega na kidari naviacha vifike 85 mpaka 90 kwenye moto wa polepole, masaa mawili au zaidi, hapo zile tishu zinayeyuka zinakuwa ute na ndo unaona nyama inang'aa na inateleza mdomoni.

Steki ya ng'ombe, sarara hasa, ni kinyume chake. Hiyo haina hizo tishu nyingi, ukiipeleka 85 unaikamua maji yote inakuwa kavu kabisa. Ikate nene, sentimita 4 angalau, itoe ikiwa 65 mpaka 68, ikipumzika inafika 70 na ushee, imeiva kabisa kwa namna tunavyopenda huku na bado ina maji. Ukikata vipande vyembamba vya sentimita 1 kama wanavyokukatia bucha ukinyamaza, itakauka kabla hujapata rangi, kwa hiyo mwambie muuzaji kabla hajaanza kukata.

Sababu nyingine ya ugumu iko kabla ya moto, nayo inawapata sana wanaochinja nyumbani. Mnyama akishachinjwa misuli inakaza baada ya masaa machache, halafu inalegea tena pole pole, mbuzi ni kama siku nzima. Ukimchinja asubuhi ukamchoma mchana umemshika katikati ya kukaza, hata ufanye nini atakuwa mgumu. Chinja leo choma kesho, nyama ikiwa imekaa kwenye ubaridi. Ila usiitupe kwenye freza ikiwa bado ina joto la mnyama, hapo misuli inajikunja kwa baridi na huo ugumu hautoki. Iache ipoe kwanza kivulini, imetundikwa, imefunikwa nzi wasiiguse, halafu iingie kwenye friji ya kawaida. Kama hamna friji kabisa, bora umchome palepale ndani ya saa la kwanza akiwa bado hajaanza kukaza, au umchemshe.

Na kama ni ng'ombe mzee wa jembe, ukikuta nyuzi nene na mafuta ya njano kabisa, usimlazimishe awe steki. Huyo ni wa moto wa polepole au wa sufuria.

Viungo: nyama imekuwa tope, au imepauka, au ina chumvi nje tu

Watu wengi wanaamini ukiloweka muda mrefu zaidi ladha inaingia zaidi. Chumvi peke yake ndiyo inayosafiri kuingia ndani, nayo polepole, ndo maana naipaka usiku. Kitunguu swaumu, tangawizi, binzari, pilipili manga, hivyo vinabaki milimita chache za nje hata uloweke siku mbili. Kwa hiyo viungo masaa 3 au 4 vinatosha, chumvi ndo ipewe usiku. Kipimo changu ni kijiko kimoja cha chakula kilichosawazishwa kwa kilo moja na robo.

Ndimu na limao ni kesi nyingine. Ukiiacha nyama kwenye ndimu usiku kucha, nje inapauka inakuwa kama imeshachemshwa, na ukiichoma hapo panakuwa pakavu kama chaki. Ndimu iweke nusu saa ya mwisho, au kamulia mezani, mimi ndo napenda hivyo.

Papai bichi ndilo linaloharibu zaidi. Utomvu wake unakata nyama kwelikweli, na haufanyi kazi kwenye beseni tu, unafanya kazi zaidi nyama ikianza kupata moto, mpaka joto lizidi ndo unakufa. Sasa fikiria paja linalokaa saa moja na nusu kwenye moto wa polepole likiwa limepakwa papai, nje inageuka uji na ndani haijaguswa. Papai liwe la mishkaki tu, kijiko kimoja cha papai lililosagwa kwa kilo, dakika 30, halafu moto mkali moja kwa moja. Ukishaona uso wa nyama unateleza na vidole vinaacha alama, umechelewa, choma hapohapo.

Asali. Sisi ni watu wa asali na kila mtu anataka kupaka, na ni tamu kweli, lakini sukari inaungua mapema sana na inaacha uchungu. Hiyo na tomato sosi pia, paka dakika 5 za mwisho, upande mtupu siyo juu ya makaa.

Halafu yale maji ya viungo yaliyokuwa na nyama mbichi usiyapake kwenye nyama inayokaribia kuiva. Nimeona mtu mzoefu kabisa anafanya hivyo na brashi, anarudisha vijidudu juu ya nyama aliyokwisha kuiivisha. Toa bakuli dogo la viungo mwanzoni kabla hujaweka nyama, hilo ndo la kupaka. Au yachemshe yatokote kweli dakika kadhaa kwanza.

Kuloweka kuwe kwenye friji. Nyama mbichi kwenye beseni juu ya meza isizidi masaa mawili jumla, na mwezi wa tisa na wa kumi huku joto likipita 32, saa moja tu. Umeme ukikatika usiku mzima na ukakuta nyama imeshapoteza ubaridi asubuhi, kuipika sana hakuirudishi, kuna sumu ambazo bakteria wanaacha na moto hauziondoi.

Nyekundu karibu na mfupa, je ni mbichi?

Hili linabishaniwa kila sherehe. Mbuzi mdogo mifupa yake bado ina uboho mwekundu mwingi, ukipata moto unatoka na kupaka nyama iliyoshikana na mfupa, hata ikiwa imefika 78. Na nyama iliyochomwa kwa mkaa polepole inaweza kuwa na mstari wa rangi ya waridi nje kidogo chini ya ngozi, hiyo inatokana na gesi za moto zikikutana na rangi ya nyama, siyo ubichi. Upande wa pili, nyama inaweza kugeuka kahawia mapema ikiwa haijafika joto la usalama. Yaani rangi inadanganya pande zote mbili.

Ndio maana nasisitiza themomita. Kama huna, tumia sindano safi ya mshikaki ya chuma, ichome mpaka katikati ya sehemu nene, hesabu mpaka 10, itoe uiguse sehemu ya ndani ya kiwiko cha mkono haraka. Ikiwa baridi au vuguvugu, ndani bado. Ikiwa ya moto mpaka unaruka, umepita eneo la ubichi. Haikupi namba, kwa hiyo kwa steki ongeza dakika chache kwa usalama, kwa paja angalia pia kama mfupa wa goti umelegea na kama maji yanayotoka ni angavu.

Mishkaki, nyama ya kusaga na nyama uliyoichanja chale ili viungo viingie, hizi usizichukulie kama kipande kizima. Kwenye kipande kizima vijidudu vinakaa nje ambako moto unavimaliza mapema, lakini kisu na sindano vinavisukuma ndani. Hizo nazipeleka mpaka 71 katikati bila mjadala, na kwa mishkaki ya vipande vya sentimita 3 kwenye moto wa kuhesabu 3 mpaka 4 ni kama dakika 10 mpaka 12 ukigeuza mara kwa mara. Acha nafasi ndogo kati ya kipande na kipande, ukivibana pamoja ubavuni havipati moto kabisa na ndo hapo unakuta pabichi.

Ila kuna kitu moto hautengenezi. Nunua nyama yenye muhuri wa mkaguzi. Mnyama aliyekufa mwenyewe hata awe mnono vipi usimpeleke jikoni, kama alikuwa na kimeta ile mbegu yake inavumilia moto wa jiko lako, na hata kumchuna tu ni hatari.

Ilikuwa na maji kwenye wavu, mezani imekauka

Hii ni kukata mapema. Nyama ikitoka motoni maji yake bado mepesi, ukikata yanamwagika kwenye ubao na unayaona kabisa. Steki ipumzike dakika 5 mpaka 8, paja 15, bila kuifunga kabisa na foili maana itajichemsha na ule ukavu wa nje utalainika. Halafu angalia nyuzi zinaelekea wapi, kata kukatiza, usifuate urefu wake. Paja lina misuli kadhaa na kila msuli nyuzi zake zinaelekea kwake, kwa hiyo nalitenganisha kwanza misuli kwa misuli nikifuata ile mistari myeupe, ndo nakata kila mmoja peke yake. Ubao na kisu vilivyoshika nyama mbichi vinakuwa vimeshaoshwa kwa sabuni au ni vingine kabisa, na sinia la kupelekea mezani siyo lile lililoleta nyama mbichi jikoni.

Mjomba alirudi siku ile ya paja la pili, akaanza na uleule upande wa nyonga.